Kodi ya pango: riba ya benki, fundi na mwezi uliokaa mtupu

“Nina nyumba Tabata yenye apatimenti 4, kila moja 250,000 kwa mwezi, na fremu moja ya duka la dawa kwa 500,000. Apatimenti moja ilikaa tupu mwezi Mei. Mwaka huo huo nimelipa benki riba ya 4,200,000 na mafundi 1,300,000. Nimetoa hizo gharama, nikachukua asilimia 10 ya kilichobaki. Nimepatia?” – Mama wa Tabata, mwajiriwa

Hapana, mama, na kosa lako ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote. Kabla sijaeleza niweke neno moja sawa. Mjini kwetu “kodi” ni ile anayokulipa mpangaji, na “kodi” ni ile unayoipeleka TRA. Hapa ya mpangaji nitaiita pango, ili tusipotezane.

Wewe ni mtu binafsi mkazi wa Tanzania, umepangisha nyumba yako kama kitega uchumi, si kama biashara iliyosajiliwa yenye hesabu zake. Kwa mtu kama wewe, Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, inatoza asilimia 10 ya pango ghafi, na mambo yanaishia hapo. Ghafi maana yake ni pesa yote iliyopokelewa, kabla ya kutoa hata shilingi ya fundi. Riba ya benki haikatwi. Rangi, bomba na bati havikatwi. Malipo ya dalali nayo hayakatwi. Najua inauma, hasa mwaka ambao benki imechukua pesa nyingi kuliko zilizobaki mkononi mwako, lakini ndivyo ilivyo. Kwa upande wa pili, pango hilo likishatozwa halijumlishwi tena na mshahara wako.

Ule mwezi mtupu ni habari nyingine. Mapato ya uwekezaji ya mtu binafsi huhesabiwa kwa pesa iliyopokelewa, si kwa pesa iliyotarajiwa. Mwezi Mei hukupokea chochote kwenye apatimenti ile, kwa hiyo hakuna cha kutoza. Huhitaji kuombea msamaha wala kuuandika kama hasara. Unauacha tu nje ya hesabu.

Sasa tupige hesabu. Apatimenti 4 kwa miezi 12 zingeleta 12,000,000. Toa 250,000 ya Mei, zinabaki 11,750,000. Fremu imeleta 6,000,000. Jumla ni 17,750,000, na asilimia 10 yake ni 1,775,000. Wewe ulitoa 5,500,000 za riba na mafundi, ukabaki na 12,250,000, ukapata kodi ya 1,225,000. Umepungukiwa 550,000, na deni la kodi huongezeka riba na adhabu kadiri linavyokaa.

Lakini usikimbilie kulipa 1,775,000 yote. Ikiwa duka la dawa ni biashara, lilitakiwa kukata asilimia 10 kila linapokulipa na kuipeleka TRA kwa jina lako. Hiyo ni 600,000 kwa mwaka. Kama walikata na una vyeti vyao, kilichobaki juu yako ni 1,175,000 ya apatimenti. Wapangaji wanaoishi tu hawana kazi ya kukukatia. Jambo hilo lilizua mjadala mkubwa mwaka 2022, hadi Septemba serikali ikatangaza kwamba mzigo huo unabaki kwa mwenye nyumba. Nenda na TIN yako na mikataba yote kwenye ofisi ya TRA ya wilaya yako, ufanyiwe makadirio, upewe kontrol namba ulipe benki au kwa simu.

Kuhusu Mei, weka ushahidi mapema. Karatasi ya makabidhiano yenye tarehe aliyotoka mpangaji, mkataba wa aliyeingia Juni, na kama kila apatimenti ina mita yake ya LUKU, rekodi inayoonyesha kwamba mwezi huo hakuna aliyenunua umeme. Neno tupu la “ilikaa bila mtu” ni jepesi mno mbele ya afisa wa kodi.

“Kampuni iliyopanga fremu yangu Ubungo inanilipa 450,000 badala ya 500,000 tuliyokubaliana. Wanasema 50,000 ni ya serikali. Nahisi naibiwa.” – Mzee wa Ubungo

Shikamoo mzee. Kukata ni wajibu wao, hilo halina ubishi. Kodi ya zuio wanayokata mwezi huu inatakiwa ifike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, kisha wakupe cheti cha kodi ya zuio chenye TIN yako. Hicho cheti ndicho kinachotofautisha mkato halali na wizi. Kama miezi inapita na hupewi kitu, waandikie barua ukitaka vyeti vya kila mwezi uliokatwa, na nakala ubaki nayo. Hakikisha pia TIN waliyoandika ni yako. Nimeshuhudia miezi minane ya makato ikiingia kwenye namba ya mtu mwingine kwa sababu ya tarakimu moja iliyokosewa, na kuirudisha kulichukua muda mrefu kuliko mkataba wenyewe.

Tazama pia mkataba wako unasemaje. Kama umeandikwa kwamba wewe upokee 500,000 mkononi na kodi iwe juu ya mpangaji, basi pango ghafi si 500,000. Ni 500,000 ukigawa kwa 0.9, yaani 555,556 hivi. Wao wanapeleka 55,556 TRA na wewe unapokea laki tano yako kamili. Kama mkataba uko kimya, pango ni 500,000 na unapokea 450,000.

“Mpangaji alinunua simtanki na pampu kwa 300,000, tukakubaliana asinilipe mwezi huo. Si sikupokea pesa?” – Baba wa watatu, Temeke

Umepokea, kaka, isipokuwa imekuja kwa sura ya simtanki. Mpangaji alikuwa anadaiwa pango la 300,000, na deni hilo limelipwa kwa kukununulia kitu ambacho ni mali yako. Sheria huhesabu malipo kwa thamani yake, hata yasipopita mkononi kama noti. Kwa hiyo mwezi huo unaingia kwenye hesabu kwa 300,000 na kodi yake ni 30,000.

Huu si mwezi mtupu, na tafadhali usiuandike hivyo. Afisa akiona mkataba unaendelea, mtu hajahama na umeme unanunuliwa, ataanza kutilia shaka hata miezi yako ambayo kweli ilikuwa mitupu. Andikianeni karatasi fupi: amenunua nini, kwa kiasi gani, amefidiwa pango la mwezi gani. Inamlinda na yeye siku mkigombana.

“Wapangaji wangu wanakatwa 1,500 kwenye LUKU kila mwezi. Si ndiyo hiyo kodi ya nyumba?” – Dada wa Mbagala

Hiyo ni kodi ya jengo, dada, inayotozwa jengo lenyewe hata kama hakuna anayepanga. Ya pango inatozwa mapato yako. Kulipa moja hakukutoi kwenye nyingine. Na kwa kuwa ile ya jengo ni jukumu la mwenye jengo, mpangaji anayeomba kurudishiwa ana hoja.

“Nimeambiwa nifungue kampuni niweke nyumba humo, ndipo riba ya mkopo na matengenezo vitakatwa. Ni kweli?” – Mwajiriwa, Mbezi

Kwamba vitakatwa ni kweli. Kwamba utalipa kidogo ni jambo la kupigia hesabu, na wengi hawaipigi.

Chukua nyumba ile ile ya Tabata, tuseme iko ndani ya kampuni na ujenzi wake uligharimu 60,000,000. Pango ni 17,750,000. Toa riba 4,200,000. Riba peke yake, maana lile rejesho unalolipa kila mwezi lina sehemu ya mtaji, na mtaji haukatwi. Omba benki taarifa inayotenganisha hivyo viwili. Na kama sehemu ya mkopo ililipa ada za watoto, riba ya sehemu hiyo haihusiki. Toa matengenezo 1,300,000, yale yenye risiti za EFD, maana fundi wa kuandikiana kwenye daftari ni vigumu kumtetea. Tena yawe matengenezo kweli: kubadili bati lililotoboka ni matengenezo, kuongeza chumba ni ujenzi, na ujenzi huingia kwenye gharama ya jengo. Toa uchakavu wa jengo, asilimia 5 ya 60,000,000, yaani 3,000,000. Inabaki faida ya 9,250,000.

Kampuni inatozwa asilimia 30 ya faida, hivyo ni 2,775,000. Mtu binafsi alilipa 1,775,000. Kampuni imekula milioni moja zaidi, kabla hujamlipa mhasibu aliyesajiliwa, na kabla ya asilimia 10 ya gawio utakapotaka kuipeleka faida nyumbani. Makato ya mpangaji wa fremu hapa hayapotei, yanahesabika kama sehemu ya hiyo 2,775,000, lakini jumla haibadiliki.

Kipimo chake ni rahisi. Asilimia 30 ya faida inalingana na asilimia 10 ya pango pale faida inapokuwa theluthi moja ya pango. Kwa hiyo gharama zinazokubalika zinatakiwa zizidi theluthi mbili ya pango ndipo kampuni ianze kukusaidia. Kwa Tabata hiyo ni kama 11,833,000, na gharama zake zote ni 8,500,000. Haijafika. Mwenye mkopo mzito ulioanza juzi anaweza kufika, lakini riba hupungua kadiri deni linavyoshuka, na mwaka wa nne anajikuta upande wa pili. Na kuhamisha nyumba kwenda kwenye kampuni ni uhamisho wa milki: kuna kodi ya faida ya mtaji, kuna ushuru wa stempu, na benki iliyoshika hati lazima ikubali.

“Mpangaji alinilipa mwaka mzima Oktoba, 3,600,000. Akahama Juni, nikamrudishia miezi mitatu. Nahesabuje?” – Mama wa Kigamboni

Ulipopokea Oktoba, yote 3,600,000 ilikuwa mapato ya mwaka ule, hata kama miezi mingi iliangukia mwaka uliofuata. Kodi yake ilikuwa 360,000. Ulichomrudishia ni 900,000, na hapo ndipo karatasi inakuwa na thamani ya 90,000: bila hati aliyosaini kwamba amepokea, na bila muamala wa benki au wa simu unaoonyesha jina lake, huna cha kumwonyesha afisa unapoomba makadirio yarekebishwe. Kama ulimrudishia mkononi, mtafute sasa, asaini kabla hajabadilisha namba ya simu.