Tango hukamuliwa kabla ya kukutana na mtindi

Kila kundi jipya linapoingia jikoni, bakuli lile lile hurudi mezani: sosi ya mtindi, tango na kitunguu saumu iliyokuwa nzito asubuhi, na jioni inaelea kwenye maji yake. Wapishi wapya hulaumu mtindi. Wapendwa, mtindi una sehemu yake, lakini mkosaji mkubwa ni tango.

1. Tango lichuje kwa chumvi kwanza. Karibu asilimia 95 ya tango ni maji, na mengi yamefungiwa ndani ya seli. Ukilikwaruza, unapasua baadhi ya seli tu. Chumvi ikiyeyuka juu ya vipande, maji ya nje huwa na chumvi nyingi kuliko ya ndani, na kwa osmosisi maji hupenya utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi. Seli hunywea, kipande hulegea, na mkono wako unaweza kukamua kilichokuwa kimefichwa.

Mwanafunzi mmoja, mwenye bidii kutushinda sote, alikwaruza tango, akalikamua papo hapo, akalichanganya na mtindi, kisha akatia chumvi ya kutosha akaenda zake. Alipoonja, sosi ilikuwa nzuri. Hakujua kwamba chumvi ile ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kazi: kwa saa kadhaa ilizidi kuvuta maji kutoka katika vipande, safari hii ndani ya bakuli. Alipoona maji akakoroga kwa nguvu ili yarudi, akauvunja mgando wa mtindi na kuongeza maji mengine juu ya yale. Kosa lake halikuwa chumvi, bali zamu yake.

Basi kwa gramu 300 za tango lililotolewa mbegu, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi laini, changanya, uliache kwenye chujio dakika 20 hadi 30. Kisha likamue kwenye kitambaa safi, konzi moja moja, kwa maana konzi kubwa hubaki na maji katikati. Acha tu pale ambapo ukiminya kwa nguvu zako zote halidondoki tena; usishangae likibaki karibu nusu ya uzito wake. Usilioshe, ila kama ulizidisha chumvi, na ukiliosha ulikamue upya.

2. Mtindi wa kawaida uning'inize kwenye kitambaa ndani ya friji usiku kucha.

3. Kitunguu saumu kiwe kidogo, kwani ukali wake huenea kadiri sosi inavyokaa.

4. Changanya kwa kijiko, taratibu, na chumvi ya mwisho uitie baada ya kuonja, maana tango limekwisha kuja na yake. Weka kijiko kimoja cha sosi kwenye sahani kwa dakika 10: ikizungukwa na duara la maji, irudishe yote kwenye kitambaa ichuje, wala usiikoroge.