Sura Yangu ya Pili Ilirudishwa Mara Tatu, Kisha Nikachora Jedwali

Juzi dada mmoja aliniandikia kwamba msimamizi wake amemrudishia sura ya mapitio ya machapisho na maneno matatu tu pembeni: "Weka jedwali hapa." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Yangu ilirudishwa mara tatu.

Mada yangu ilikuwa wanafunzi wanaoandika mhadhara kwa mkono na wale wanaoandika kwa kompyuta mpakato. Nilikuwa na kurasa nyingi za "fulani alisema, na fulani naye akasema". Mara ya tatu msimamizi aliniuliza mbele ya wenzangu: hawa wote unaowataja, kila mmoja alipima watu wangapi? Sikuwa na jibu. Nikikumbuka siku ile, masikio bado yananiwaka.

Kosa la kwanza nililifanya usiku uleule. Nilijaza jedwali la tafiti nilizozitaja kutoka kwenye sura yangu mwenyewe, na nusu ya visanduku vikabaki vitupu, kwa sababu nilichokuwa nimekiandika ni maoni ya watafiti, siyo walichokifanya. Ikabidi nirudi kwenye kila makala, moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu, siyo ikisiri.

Hapo nikagundua kwamba mstari mmoja wa jedwali ni utafiti mmoja, si makala moja. Makala ya Mueller na Oppenheimer ya 2014, ambayo kila mtu wa mada hii huinukuu, ina majaribio matatu ndani yake. La tatu liliwapa baadhi ya washiriki nafasi ya kujisomea kabla ya mtihani; la kwanza halikufanya hivyo. Ukiyabana katika mstari mmoja, safu ya mbinu inadanganya.

Safu ya sampuli ndiyo iliyonitesa. Katika jaribio la kwanza walishiriki wanafunzi 67, lakini wawili waliondolewa, mmoja kwa sababu alikuwa ameshauona mhadhara ule. Je, uandike 67 au 65? Andika waliochambuliwa, yaani 65, kwa kuwa matokeo yanatoka kwao. Ukichanganya, mstari huu waliosajiliwa na ule waliochambuliwa, hulinganishi kitu. Mimi namba moja niliichukua kwenye tasnifu ya mtu mwingine bila kufungua makala yenyewe, na ilikuwa si sahihi. Usifanye hivyo. Fungua makala, ndugu yangu.

Hii ndiyo mistari miwili iliyoniokoa:

| Utafiti | Mbinu | Waliochambuliwa | Matokeo makuu |
|---|---|---|---|
| Mueller na Oppenheimer 2014, jaribio la 1 | Jaribio, makundi mawili, bila kujisomea | 65 | Kompyuta: wananakili zaidi neno kwa neno. Maswali ya kukumbuka: sawa. Maswali ya uelewa: kompyuta wako chini |
| Urry na wenzake 2021 | Kurudia jaribio hilohilo | 142 (kompyuta 74, mkono 68) | Kompyuta: wananakili zaidi neno kwa neno. Mtihani: kompyuta hawakuwa chini |

Tazama safu ya mwisho. Kama ningeandika "mkono ni bora" juu na "hakuna tofauti" chini, ningesema tafiti hizi zinapingana, basi. Lakini kwa kuwa kila kipimo kimeandikwa peke yake, inaonekana kwamba kuhusu kunakili zinakubaliana kabisa. Zinaachana kwenye alama za mtihani tu. Maana yake ule mnyororo wa hoja, kwamba kunakili neno kwa neno ndiko kunakoshusha uelewa, umekatika katikati. Hilo sikuliona katika kurasa zangu zote za "fulani alisema", nami nilikuwa nimezisoma makala zote mbili!

Kwa hiyo katika safu ya matokeo andika kilichopimwa na kilielekea wapi. Maneno kama "ulionesha umuhimu wa" yafute. Na pale mtafiti asipopata tofauti, andika "tofauti haikuonekana", usiandike "hakuna athari", hasa sampuli ikiwa ndogo.

Jedwali lina mipaka yake pia. Niliwahi kuweka utafiti wa mahojiano na watu wachache chini ya majaribio haya, ukaonekana kama masikini aliyealikwa harusini. Mahojiano hayashindani kwa idadi, kwa hiyo niliyahamishia kwenye jedwali lake, na badala ya ukubwa wa sampuli nikaeleza washiriki walivyochaguliwa.

Jedwali lilipokamilika nilifuta kurasa zilizokuwa zikirudia yaliyomo ndani yake, nikabakiza aya moja kuhusu pale mnyororo ulipokatika. Dada, msimamizi wangu aliirudisha sura hiyo mara ya nne pia. Safari hiyo alikuwa amezungushia wino ile 142, na pembeni ameuliza kama nilihakiki kwamba ni waliochambuliwa. Nilikuwa nimehakiki.