Fomu ya mteja wa saluni: saini peke yake haikukingi

"Shikamoo mwalimu. Nina saluni Nkuhungu hapa Dodoma. Tunapaka rangi za nywele, piko na kope. Mwezi uliopita mteja alivimba uso siku ya pili baada ya kupakwa rangi nyeusi, akaja na ndugu zake wakidai gharama za hospitali. Nataka kila mteja asaini fomu kwamba hana aleji na kwamba likitokea lolote ni juu yake. Nimepata moja ya Kiingereza kwenye simu. Niitafsiri tu niitumie?"

Marahaba mdogo wangu. Usiitafsiri. Na hayo maneno ya "likitokea lolote ni juu yake" yafute kabisa, maana ndiyo yanayowapoteza wenye saluni kila siku. Mtu akishapata saini anajiona amepona, anaanza kupaka bila kuuliza. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuna ridhaa pale watu wanapokubaliana jambo lilelile kwa maana ileile. Mteja aliyesainishwa karatasi ya Kiingereza huku taulo iko shingoni na rangi imeshakorogwa hajakubaliana na wewe chochote. Hata karatasi ingekuwa ya Kiswahili fasaha, saini yake haikupi ruhusa ya uzembe.

Siku mteja akija na wakili, saini ndiyo kitu cha mwisho kuangaliwa. Utaulizwa kwanza: ulimuuliza nini, alikujibu nini, na baada ya jibu lake ulifanya nini? Fomu yenye majibu ya maswali hayo matatu ndiyo inayokulinda, hata ikiwa imeandikwa kwa mkono kwenye kauntabuku.

Tuanze na ulichomuuliza. Fomu nyingi ninazoonyeshwa zina swali moja, "Una aleji yoyote?", na kisanduku cha ndiyo au hapana. Karibu kila mteja anaweka hapana, wala hadanganyi. Kwake aleji ni ya vumbi, ya samaki, ya sindano ya penisilini. Haimwingii akilini kwamba ile michirizi iliyomtoka mkononi baada ya kupakwa piko kwenye sendofu ya dada yake nayo ni aleji. Wewe umeuliza jina la ugonjwa, wakati yeye anachokumbuka ni tukio.

Na tukio hilo ndilo hasa ulilotakiwa kulijua. Rangi nyingi nyeusi za kudumu zina kemikali inayoitwa parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Unga mweusi unaopakwa kama piko mara nyingi unayo hiyohiyo, tena kali zaidi. Ulaya wameweka ukomo wa asilimia 2 kwenye rangi ya nywele baada ya kuchanganywa, na kuipaka kwenye ngozi hawaruhusu. Mchanganyiko wa piko huweza kupita kiwango hicho mara kadhaa, halafu unakaa kwenye ngozi hadi ukauke. Mwili ukishaichukia PPD mara moja, hausahau. Inaweza kupita miaka kumi mteja yuko salama, kisha anapaka rangi kichwani mara moja tu, na kesho yake macho hayafunguki.

Kwa hiyo kwenye fomu yako uliza matukio, na umsomee mwenyewe kwa sauti huku ukiandika. Kwa huduma ya rangi, maswali yangu ni haya: "Umewahi kupakwa piko au hina nyeusi? Ilikuwasha, ilivimba, au ilitoa malengelenge, hata baada ya siku mbili tatu? Umewahi kupaka rangi ya nywele ukawashwa kichwani, masikioni au usoni? Sasa hivi una kidonda, upele au mikwaruzo kichwani?" Sijayatunga. Ndiyo makatazo yanayochapishwa kwenye maboksi ya rangi zinazotengenezwa kwa kufuata masharti. Yale yanasema pia rangi hizi si za aliye chini ya miaka 16, kwa hiyo uliza umri. Mwenye miaka 16 au 17 aje na mzazi asaini naye.

Tuuchukue mkasa wako tuuandike upya kana kwamba fomu ilikuwepo. Tuseme mteja ana miaka 27, anataka rangi nyeusi. Unamsomea swali la piko, anacheka, anasema ndiyo, miaka ya nyuma kwenye harusi, mkono ulimwasha, ukatoa malengelenge kufuata mchoro, ukabaki na alama za maua yale yale wiki nzima. Unaandika maneno yake kama alivyosema: "Alipakwa piko harusini, mkono uliwasha na kutoa malengelenge kufuata mchoro." Chini yake kuna mstari ambao kwenye fomu za kunakili huwa haupo kabisa: "Tulichoamua." Hapo unaandika: "Hatupaki rangi yenye PPD. Hatufanyi kipimo cha ngozi. Ameshauriwa amwone daktari wa ngozi." Tarehe, saini yake, saini yako. Umekosa hela ya rangi siku hiyo, lakini ukiitwa popote unasimama na karatasi hiyo.

Sasa geuza. Mteja huyohuyo amejibu ndiyo, umeandika ndiyo, kisha umepaka kwa sababu "amesaini". Karatasi hiyo imekuwa ushahidi dhidi yako. Ulijua, ukaendelea. Ni afadhali ungekuwa huna fomu. Wasichana wako saluni waelewe hili kabla hujachapisha nakala hata moja: jibu la ndiyo linalofuatwa na mstari mtupu ni hatari kwa biashara.

Asiye na historia yoyote ndiye anayefanyiwa kipimo cha ngozi. Hapa ndipo uvumilivu unaponiishia. Kuna mafundi wanaopaka tone nyuma ya sikio, wanasubiri dakika kumi huku wakisuka mtu mwingine, halafu wanasema "ngozi yake safi". Aleji ya PPD haiji kwa dakika kumi. Inaamka taratibu, kwa kawaida kati ya siku moja na tatu, na ndiyo maana mteja wako alivimba siku ya pili akiwa nyumbani kwake. Kipimo kinafanywa saa 48 kabla. Paka kiasi kidogo cha rangi ileile kwa kufuata maelezo ya boksi, nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, kisha pasioshwe wala kukunwa. Baada ya saa 48 anarudi unapaangalia kwa macho yako. Pakiwa pamekuwa pekundu, pamevimba, panawasha au pana vipele, hakuna kupaka. Na mwambie kabisa, tena uandike kwamba umemwambia, kuwa kipimo kikitoka salama kinapunguza hatari tu, hakiiondoi.

Kwenye fomu, sehemu ya kipimo iwe na jina la rangi na namba yake, namba ya bechi iliyo kwenye boksi, mahali ulipopaka, tarehe na saa ya kupaka, tarehe na saa ya kuangalia, ulichokiona, na jina la aliyeangalia. Usiandike "sawa". Andika "hakuna wekundu, hakuna uvimbe, anasema hakuwashwa". Ukibadilisha aina ya rangi, kipimo kinaanza upya. Mteja wa kila mwezi naye aulizwe upya kila anapokuja kupaka, maana aleji huanza hata kwa mtu aliyezoea.

Najua utaniambia wateja hawana saa 48. Hasa kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti likiwa hapa, anaingia mama anataka rangi leo kwa sababu kesho ana kikao. Msuke, muoshe, mnyooshee nywele, mpe wigi, rangi asubiri. Kuna wengine wanampa kidonge cha aleji anywe kwanza ndipo wapake. Huyo anayetoa ushauri huo anyang'anywe brashi. Kidonge kile hakizuii aleji ya kuchelewa kama hii, na kinaweza kupunguza muwasho ule wa mwanzo ambao ungewaonya mapema. Usipake pia maziwa wala dawa ya meno kwa mtu aliyeanza kuvimba. Osha rangi yote kwa maji mengi na shampuu laini, andika saa, mpeleke hospitali na boksi la rangi mkononi. Akianza kuvimba midomo au kuhema kwa shida, acha hata kuosha, tafuta usafiri.

Kuhusu kope, utaratibu ni uleule ila maswali yabadilike, maana pale shida ni gundi: uliza kama plasta au gundi ya kucha iliwahi kumtoa vipele, na kama macho yaliwahi kuvimba baada ya kope. Usitumie fomu moja ya maswali arobaini kwa huduma zote. Hakuna atakayeisoma.

Karatasi zenyewe zifungie kabatini. Habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume inayosimamia sheria hiyo. Ruhusa ya kupiga picha na kurusha mtandaoni iwe na saini yake peke yake, isifichwe humohumo. Zitunze miaka sita: madai ya madhara yana ukomo wa miaka mitatu, ya mkataba miaka sita.

Lakini kuna jambo umelitaja kwa kupita ambalo linanisumbua kuliko fomu. Umesema mnapaka piko. Unga wake mnaununua wapi? Kama ni ule wa kupimiwa kwenye kikaratasi, usio na boksi, orodha ya viambato wala namba ya bechi, basi sehemu ya kipimo kwenye fomu yako haitajazika, kwa sababu hujui unachopaka. Vipodozi siku hizi viko chini ya TBS, na unga usio na jina huwezi kuuliza hata kama umesajiliwa. Hina ya majani inatoa rangi ya chungwa hadi kahawia nyekundu, na huchukua saa kadhaa kukolea. Inayotoa weusi tii ndani ya nusu saa imetiwa kitu. Nawaona mabinti wadogo wakipakwa hiyo kila Idi na kila harusi, Majengo hadi Chang'ombe, na hao ndio watakaokuja kukaa kwenye kiti chako miaka kumi ijayo wakitaka rangi nyeusi. Unga huo utoe saluni leo, kabla hujaenda kuchapisha fomu.