Kumwomba wakala wa ajira akuondoe kwenye orodha yake bila kugombana

Ukibonyeza `Unsubscribe` chini ya barua pepe ya wakala wa ajira, kwa kawaida unatoka kwenye orodha ya matangazo tu. Sivii yako hubaki pale pale, kwa sababu mara nyingi mfumo wa kutuma barua na mfumo wa kutunza waombaji kazi ni mbalimbali. Ndiyo maana mhasibu aliyejiondoa Januari anapigiwa simu Machi kuulizwa kama angependa kazi ya ukarani.

Kwa hiyo amua kwanza unataka nini. Kama bado unaitaka kazi yao, usiombe kufutwa; omba wakutafute kwa nafasi za uhasibu pekee, na barua za jumla zikome. Kama mmemalizana, omba kufutwa.

Kabla ya kuandika, hakikisha wanakufahamu kwa anwani ipi. Kwenye Gmail fungua barua yao, chagua `Show original`, kisha soma mstari wa `To`. Wengi hukuta anwani ya zamani inayopeleka barua kwenye mpya. Ukiandika kutoka kwa hiyo mpya, wakala atatafuta, atakukosa, na atakujibu kwa moyo safi kwamba haumo. Andika kutoka anwani ile ile waliyo nayo. Hapo pia huna haja ya kuambatisha nakala ya kitambulisho, maana utakuwa unawapa taarifa nyingine ya kutunza. Usijibu `noreply@`. Anwani ya maombi haya huwa kwenye sera yao ya faragha.

Kwa Kenya, barua hii inatosha:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa nafasi mlizonitumia. Kwa sasa sitafuti kazi, hivyo naomba mfute sivii na taarifa zangu zilizo chini ya anwani hii, kwa mujibu wa kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tafadhali wajulisheni pia waajiri mliowapa sivii yangu, na mbakize anwani hii tu kwenye orodha ya wasiotakiwa kuandikiwa. Naomba mnithibitishie mkimaliza."

Ombi la kubakiza anwani linaonekana kama kujipinga, lakini ndilo linalosaidia zaidi. Ukifutwa kabisa, siku wakichota sivii upya kutoka tovuti za kazi utaingia kama mgeni. Huko nako ficha wasifu wako siku hiyo hiyo.

Kanuni za 2021 zinawapa siku 14 kujibu ombi la kufutwa. Zikipita, wakumbushe kwa kujibu barua yako ya kwanza, ili tarehe ionekane. Wakinyamaza tena, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data pamoja na barua hizo mbili. Ila kama waliwahi kukuajiri na kukulipa, kumbukumbu za mshahara na kodi wanaweza kuzishikilia kihalali, hizo usizigombanie.