Pitagora kwa kartoni: anzeni na 10 na 15

Walimu wenzangu mnaoanza kufundisha jometria hapa Bukavu, mkithibitisha kanuni ya Pitagora msianze na pembetatu ya 3, 4 na 5. Hesabu hizo hukubali vizuri mno, na mwanafunzi anabaki akidhani ni bahati ya namba. Mimi huanza na 10 na 15.

Chukua kartoni ya bidhaa kutoka soko la Kadutu. Kata mistatili miwili ya sentimita 10 kwa 15, pembe zake uzihakikishe kwa ekeri, kisha kata kila mmoja kona hadi kona. Utapata pembetatu nne zinazolingana. Wakikata moja moja kwa jicho, mwishoni nafasi zitaachana na hawatakuamini tena. Halafu chora ubaoni mraba wa 25 kwa 25, ndio fremu.

Weka pembe mraba ya kila pembetatu kwenye kona ya fremu. Kila ukingo ubebe 10 ya pembetatu moja na 15 ya jirani yake. Zikikutana 15 mbili zinapandana, kwa kuwa 30 haiingii kwenye 25; basi geuza moja. Katikati itabaki nafasi iliyolala mshazari, yenye pande nne sawa, zote zile ndefu za pembetatu.

Hapa ndipo mwaka wangu wa kwanza mtoto mmoja alininyamazisha: «Mwalimu, umejuaje ni mraba? Si inaweza kuwa imebonyea?» Alikuwa na haki. Pande sawa peke yake hazitoshi. Nilirudi kesho yake nikaweka kidole pale pembetatu mbili zinapogusana kwenye ukingo. Pembe tatu zinajaza mstari ulionyooka, yaani digrii 180. Mbili za pembeni ni zile pembe kali mbili za pembetatu yetu, na kwa kuwa pembe yake ya tatu ni 90, hizo mbili pamoja ni 90. Ya katikati inabakiwa na 90. Msiruke hatua hii kamwe. Bila hiyo mchoro ni picha tu.

Sasa sogeza pembetatu ndani ya fremu ileile. Ziunganishe mbili mbili ziwe mistatili tena, mmoja ulale kwenye kona ya juu kushoto, mwingine usimame kwenye kona ya chini kulia. Nafasi tupu sasa ni miraba miwili: 10 kwa 10 na 15 kwa 15. Fremu haikubadilika, pembetatu ni zilezile, basi nafasi iliyobaki ni ileile: 100 + 225 = 325. Ukiweka a na b mahali pa 10 na 15, na c kwa upande mrefu, hakuna kinachovunjika: a² + b² = c².

Mwisho, mpe mtoto rula apime upande mrefu. Atasoma 18 na kidogo. Mwache azidishe 18 kwa 18 apate 324, kisha aitafute mwenyewe ile 1 iliyopungua.