Dalali wa chupa za plastiki

Swali: Kikundi chetu cha waokota chupa Dar tufanyeje dalali asitupangie bei?

Wapo watakaowaambia kodini gari mpeleke chupa wenyewe kiwandani, hao wako sawa nusu tu, dalali anawashika kwa keshi ya jioni, kiwanda kikichelewesha malipo wenye watoto wanamrudia yeye. Anzeni na mfuko wa kikundi unaomlipa mtu palepale, kwenye mzani wenu wenyewe uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Halafu chambueni, chupa nyeupe mbali na za rangi, vifuniko toeni maana ni plastiki nyingine, zikichanganywa bei inashuka. Na mfuko huohuo ununue glavu nzito na buti, sindano za hospitali zinapenya zile glavu nyepesi. Usafiri ndo utawasumbua bado.