Rasimu ya pilau na vitunguu visivyoiva

Swali la wiki: "Nikiandikiwa rasimu ya kwanza na akili mnemba, nifanyeje ili makala ya blogu yangu isomeke kama nimeiandika mimi?"

Mimi huandika mapishi, na kwangu kazi huanza kabla sijaifungua rasimu. Hujirekodi kwenye simu nikieleza ninavyopika chakula chenyewe, bila kupangilia maneno, kwa sababu nikitangulia kusoma rasimu, kumbukumbu zangu hufuata mpangilio wake na yasiyokuwamo huyasahau. Kisha husikiliza nilichorekodi huku nikiisoma rasimu, nikitafuta mahali zinapopingana.

Chukua pilau. Rasimu ilisema: "Kaanga vitunguu hadi vilainike, kisha ongeza viungo na ufurahie harufu ya kuvutia." Kisarufi haina kasoro, lakini aliyezoea kupika pilau ya Pwani anajua kwamba rangi yake hutoka hasa kwenye vitunguu, na vikiishia kulainika tu, wali utatoka mweupe-mweupe hata ukizidisha bizari nzima. Badala yake niliandika: "Vitunguu navikata vyembamba vya unene mmoja, maana vikipishana, vingine huungua vingine vikiwa bado vibichi. Sitoki jikoni, vikishakuwa kahawia iliyokolea tu, namwagia supu ya nyama kidogo visije vikaungua na kuleta uchungu." Ile "harufu ya kuvutia" niliifuta, kwani ingeweza kusemwa hata juu ya maandazi.

Maji yalinisumbua zaidi. Rasimu ilitoa kipimo cha vikombe 2 kwa kikombe 1 cha mchele, na kama makadirio si kibaya. Hata hivyo, mchele wa zamani hunywa maji kuliko mpya, na uliolowekwa huhitaji machache, kwa hiyo nilikiacha kipimo hicho kama pa kuanzia, kisha nikaeleza ninavyopunguza maji kwa mchele mpya na kuongeza ya moto kidogo kidogo nikiona punje bado zina kiini. Msomaji aliyewahi kutoa bokoboko akitaka pilau ataelewa kwa nini aya hiyo ilirefuka kuliko zote.

Jambo ambalo silivumilii ni kumbukumbu ya kubuni. Rasimu hiyohiyo iliandika, "Nakumbuka bibi akipalia makaa juu ya mfuniko." Kupalia makaa ni desturi ya kweli, ila mimi hupikia gesi, nikifunika sufuria vizuri na kupunguza moto hadi mwisho. Nikaandika hilo. Pale nisipokuwa na uzoefu wowote, humwuliza anayejua na kusema kwamba nimeelezwa, au huiondoa aya nzima.

Nikishamaliza, siirudishi makala kwa mashine ili "iboreshwe", kwa kuwa aghalabu huanza kwa kubadilisha maneno yaleyale niliyoyapigania: "visije vikaungua" hugeuka "ili kuepuka kuungua", na "sitoki jikoni" hupotea kabisa. Makosa ya tahajia huyasaka mwenyewe, kwa kusoma kwa sauti.